Herufi mbili za mwisho kwenye namba ya mzigo

Mdogo wangu anashona nguo Buguruni. Mwaka jana aliagiza sindano za ovaloki na vipuri viwili vitatu kutoka kwa muuzaji wa Guangzhou, China, akalipa kwa simu, na baada ya siku nne akatumiwa namba ya kufuatilia mzigo. Jioni ile ile akanipigia.

"Kaka, shikamoo. Nadhani nimeibiwa."

"Marahaba. Umeibiwa nini tena?"

"Namba niliyopewa inaishia NL. Nimeuliza, nimeambiwa hiyo ni Uholanzi. Mimi sijanunua kitu Uholanzi."

Alinitumia namba yenyewe. Hapa nimebadilisha tarakimu zake, lakini umbo lake nimeliacha kama lilivyokuwa:

```
RB307526182NL
```

Kwa kuwa niliwahi kukaa karibu na kaunta ya posta kwa muda wa kutosha kuchoka na maswali ya aina hii, nilimwambia asubiri kidogo kabla ya kumtukana Mchina wa watu. Aliyemwambia kwamba NL ni Uholanzi alisema kweli. Tatizo ni kwamba herufi zile mbili zinajibu swali tofauti na lile alilokuwa anauliza yeye.

Namba ya mzigo wa kimataifa wa posta ina vibambo kumi na vitatu, wala haizidi wala haipungui. Huanza na herufi mbili, zikafuata tarakimu tisa, ikamalizia na herufi mbili. Muundo huo umewekwa na Umoja wa Posta Duniani, chombo kilichoanzishwa Bern, Uswisi, mwaka 1874, na ambacho makao yake bado yako mji ule ule. Kiwango chenyewe kinaitwa S10. Ndiyo maana kifurushi kutoka Tashkenti na barua ya rejesta kutoka Lusaka zina namba zinazofanana kama watoto wa baba mmoja, na mashine ya kusoma msimbopau ya Dar es Salaam inazielewa zote bila kuambiwa chochote.

Herufi mbili za mwisho zimetoka kwenye orodha nyingine ya kimataifa, ISO 3166, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1974, ambayo inaipa kila nchi herufi mbili zake. Tanzania ni TZ, T ya Tanganyika na Z ya Zanzibar, kwa hiyo barua iliyotumwa Mji Mkongwe na ile iliyotumwa Mwanza zote huishia TZ. Kenya ni KE, Uganda UG, Rwanda RW, Burundi BI, Oman OM, na Falme za Kiarabu AE. Komori ni KM. Hadi hapo mtu anaweza kubahatisha akapata. Ugumu unaanza kwa nchi zilizochukua herufi za jina wanalojiita wenyewe, au jina la zamani. Ujerumani ni DE kwa sababu wenyewe wanasema Deutschland. Hispania ni ES. Uswisi ni CH, herufi za jina lake la Kilatini, na wengi wakiiona hukimbilia kusema China, ilhali China ni CN. Afrika Kusini ni ZA, kutoka jina lake la Kiholanzi. SA ni Saudia, na mtu aliye na ndugu Johannesburg na mwingine Jeddah akichanganya hapo atahangaika wiki nzima.

Kongo nayo ina mambo yake. Ile ya Kinshasa, Lubumbashi na Goma ni CD, na ile ya Brazzaville ni CG. Kabla ya 1997 Kinshasa ilikuwa ZR, kwa ajili ya Zaire, na jina la nchi lilipobadilika herufi nazo zikabadilika. Uingereza ni GB, wala si UK, ingawa anwani zake za mtandao huishia uk. Kichekesho ni kwamba stempu za Uingereza hazijawahi kuandikwa jina la nchi tangu ile ya kwanza ya mwaka 1840. Wao wanaona picha ya mfalme au malkia inatosha. Kwenye namba ya mzigo, hata hivyo, hawakupata upendeleo huo, na GB wanaiandika kama wenzao wote.

Niongeze jambo moja kwa wale wanaosafiri kwa barabara: herufi hizi si zile za kibandiko cha nyuma ya gari. Pale Namanga utaona EAK kwa gari la Kenya na EAT kwa la Tanzania. Pasipoti nayo ina zake tatu, TZA au KEN. Ukizoea moja usiipeleke kwenye nyingine.

Sasa turudi kwa NL ya mdogo wangu. Herufi za mwisho zinataja nchi ya shirika la posta lililotoa namba, yaani posta iliyoupokea mzigo ule kwa ajili ya kuupeleka nje na inayowajibika nao mbele ya posta nyingine. Hazisemi bidhaa ilitengenezwa wapi, wala muuzaji anakaa wapi, wala mzigo uko wapi leo. Hazisemi hata unakwenda wapi. Katika namba yote ile hakuna mahali palipoandikwa unakoelekea.

Mara nyingi posta iliyotoa namba na nchi ya muuzaji huwa kitu kimoja. Dada yako aliyeko Hamburg akienda posta ya mtaani kwake na kukutumia viatu, namba itaishia DE na viatu vimetoka Ujerumani kweli. Mambo hubadilika kwa wauzaji wa mtandaoni wa China. Muuzaji mdogo wa Guangzhou au Shenzhen kwa kawaida haendi posta. Anampa wakala wa usafirishaji, ambaye hukusanya maelfu ya vipeto kwa siku na kununua huduma pale anapopata bei nzuri na nafasi ya ndege: leo posta ya China, kesho ya Singapuri, keshokutwa ya Malesia au Uholanzi. Posta hizo humpa wakala mafungu ya namba zao mapema. Lebo inachapishwa ghalani Shenzhen ikiwa tayari na NL mwishoni, hata kama kipeto hakijawahi kuvuka daraja la mtaa ule.

Ukilijua hilo utaelewa na ule ukimya unaotesa watu. Mdogo wangu alipoingiza namba yake kwenye tovuti ya kufuatilia mizigo, alikuta mstari mmoja tu: taarifa za mzigo zimepokelewa kwa njia ya kielektroniki. Siku tisa mstari ukabaki ule ule. Yeye alidhani mzigo umeibiwa Amsterdam. Kumbe mzigo haukuwa umefika Amsterdam. Ulikuwa ndani ya gunia kubwa pamoja na vipeto vingine mamia, unasafiri kama shehena ya kawaida kutoka China, na namba yake haikuwa inasomwa na mtu yeyote. Posta ya Uholanzi iliisoma mara ya kwanza siku ya kumi, gunia lilipofunguliwa kwao. Kuanzia hapo mistari ikaanza kuongezeka: umepokelewa, umeondoka ofisi ya kubadilishana mizigo, umefika ofisi ya kubadilishana mizigo Tanzania, uko forodha.

Hapo pia ndipo herufi zile mbili zinapokuwa na faida ya kweli kwa mtu wa kawaida, kwa sababu zinakuambia uulize wapi. Kabla mzigo haujaingia Tanzania, Posta ya Tanzania haina la kukuambia. Haijauona. Mwenye habari ni posta ya NL, na tovuti yake ndiyo ya kutazama kwanza. Ukishaingia nchini, posta ya hapa huwa na habari mpya kuliko ya kule. Na mzigo ukipotea, malalamiko rasmi huanzia kwa mtumaji kwenye posta iliyotoa namba. Kanuni za Umoja wa Posta zinampa miezi sita tangu siku inayofuata ile ya kutuma. Nimeshuhudia watu wakimfokea karani wa kaunta Dar es Salaam kwa ajili ya mzigo wenye namba ya SG ambao haujawahi kutua Afrika. Karani hawezi kufanya lolote zaidi ya kukusikiliza, na wapo wasioweza hata hilo.

Herufi mbili za mwanzo zinastahili maneno machache, maana watu wengi hudhani nazo ni nchi. Hazihusiani kabisa na nchi. Zinataja aina ya huduma, na herufi ya kwanza ndiyo yenye uzito. E ni huduma ya haraka ya EMS. C ni kifurushi. R ni rejesta, ambayo hufuatiliwa na kusainiwa wakati wa kupokea. V ni barua au kipeto chenye bima. L ni kipeto kidogo kinachofuatiliwa bila mambo ya rejesta. U ni ya kuangaliwa kwa makini, kwa sababu ni kipeto cha kawaida kilichopewa namba hasa kwa ajili ya taarifa za forodha. Kinaweza kuonekana kikiondoka kwao kisha kisionekane tena mpaka kikaratasi kiingie kwenye sanduku lako la posta. Aliyekuuzia kwa bei ya chini kabisa huenda alichagua U. Herufi ya pili mara nyingi ni ya kuongezea nafasi tu: tarakimu nane zikiisha chini ya RA, posta inahamia RB.

Nimesema tarakimu nane ingawa zipo tisa. Ya tisa si sehemu ya namba ya mfululizo. Ni tarakimu ya uhakiki, na kwa maoni yangu ndiyo kitu kizuri kuliko vyote katika namba hii, kwa sababu mtu yeyote mwenye kalamu anaweza kuipima. Kila moja kati ya zile nane huzidishwa kwa namba yake maalumu, kwa mpangilio huu usiobadilika: 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9, 7. Kwa mzigo wa mdogo wangu hesabu inakwenda hivi:

```
3×8 + 0×6 + 7×4 + 5×2 + 2×3 + 6×5 + 1×9 + 8×7
= 24 + 0 + 28 + 10 + 6 + 30 + 9 + 56
= 163
```

Gawanya 163 kwa 11. Inaingia mara kumi na nne na kubaki 9. Toa hicho kilichobaki kwenye 11, unapata 2. Tazama namba tena: tarakimu ya tisa ni 2. Namba imekaa sawa. Jibu likiwa 10, huandikwa 0. Likiwa 11, huandikwa 5. Basi, hesabu imeisha.

Kazi yake ni kunasa makosa ya kuandika. Mtu akikosea akageuza tarakimu mbili zilizo jirani, badala ya 526 akaandika 562, jumla inakuwa 155, kinachobaki ni 1, jibu ni 10, na kwa hiyo tarakimu ya tisa ingepaswa kuwa 0. Pale imeandikwa 2. Mashine inakataa papo hapo.

Lakini angalia kitu kimoja. Katika hesabu yote ile herufi hazikuguswa. NL haikuingia popote, wala RB. Maana yake tarakimu ya uhakiki hailindi herufi za nchi hata kidogo. Ukiandika CN badala ya NL, hesabu itakubali vilevile, na namba uliyoandika inaweza kabisa kuwa ya mzigo wa mtu mwingine uliotoka China. Ndiyo maana mtu hunakili namba kutoka kwenye picha iliyofifia, akasoma CH palipoandikwa CN, au KR palipoandikwa KE, kisha akaona kwenye skrini mzigo wake umeshapokelewa na kusainiwa nchi asiyoijua. Hajaibiwa. Anatazama mzigo wa mwenzake. Kabla ya kupiga kelele, rudi kwenye herufi za mwisho uzisome moja moja.

Kuna mahali pengine hesabu hii ilitufaa sana mtaani kwetu. Mzee mmoja jirani, mstaafu, alipata rafiki wa mtandaoni aliyejitambulisha kuwa yuko London. Rafiki akasema amemtumia zawadi kwa njia ya posta: saa, simu na fedha kidogo ndani ya bahasha. Baada ya siku tatu mzee akapigiwa na mtu aliyejiita wakala, akaambiwa mzigo umeshikwa forodhani na anatakiwa alipe ili utolewe. Kama ushahidi akatumiwa namba. Alinionyesha nikiwa nimekaa barazani kwake:

```
UK884120375TZ
```

Ukiitazama haraka inaonekana kama namba halisi. Ina vibambo kumi na vitatu, na herufi na tarakimu ziko mahali pake. Lakini aliyeitunga alifikiri kama wengi wanavyofikiri: kwamba herufi za mwanzo ni unakotoka na za mwisho ni unakokwenda. UK kwenda TZ. Hapo ndipo alipojifunga. Namba inayoishia TZ ni ya mzigo uliopokelewa na posta ya Tanzania. Mzigo kutoka Uingereza ungeishia GB. Mwanzoni nako, U si alama ya Uingereza, ni kipeto cha kawaida kabisa, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayetuma fedha na saa kwa huduma hiyo. Kisha tukafanya hesabu nyuma ya bahasha ya umeme. Jumla ilitoka 212, ukigawa kwa 11 zinabaki 3, kwa hiyo tarakimu ya tisa ilitakiwa kuwa 8. Wao waliweka 5.

"Kwa hiyo hata kuhesabu hawajui," mzee akasema, akaifuta namba ya yule wakala kwenye simu. Alionekana kuumia zaidi kwa hilo kuliko kwa ile saa.

Nisiache mtu akidhani kwamba namba ikipita kipimo basi ni ya kweli. Tapeli anayejua kanuni anaweza kutunga namba inayokaa sawa kwa dakika moja, au akachukua namba ya mzigo halisi wa mtu mwingine. Kipimo kinakataa uongo wa mvivu tu. Uongo wa mtu makini unaonekana pale unapoiingiza namba kwenye tovuti ya posta ya nchi iliyotajwa mwishoni, na hakuna chochote, au tarehe hazilingani na hadithi uliyopewa.

Zipo pia namba ambazo kanuni hizi zote haziziangukii, kwa sababu si za posta. Kampuni binafsi za usafirishaji hutumia namba zao zenyewe: DHL Express tarakimu kumi tupu, UPS mara nyingi huanza na 1Z ikifuatwa na mchanganyiko mrefu. Humo hakuna herufi za nchi mwishoni, kwa hiyo usihangaike kuzitafuta. Baadhi ya namba za wauzaji wa China huanza na LP na kufuatiwa na tarakimu nyingi bila herufi yoyote mwishoni. Hizo ni namba za ndani za mtandao wao wa usafirishaji, na posta ya hapa ukiipa namba hiyo haitakuelewa. Mwombe muuzaji namba ya posta yenye vibambo kumi na vitatu. Kama ipo, atakupa.

Na mzigo unaorudishwa kwa mtumaji hubaki na namba yake ya kwanza. Shangazi yetu aliyeko Muscat alitumiwa kanga kwa EMS kutoka Tanga, akawa amehama nyumba, mzigo ukarudi. Kila mtu alishangaa kuona mzigo unaingia Tanzania kutoka nje na namba yake inaishia TZ. Hakuna kosa. Ulizaliwa Tanzania, na kwa mujibu wa namba utabaki hivyo hata ukizunguka dunia mara mbili.

Anayetaka kujua bidhaa yenyewe imetoka wapi hana budi kuiacha namba na kutazama kibandiko cha forodha, kile kidogo kinachoitwa CN22, au karatasi kubwa zaidi ya CN23 kwa mizigo mikubwa. Mtumaji hutakiwa kuandika humo kilichomo, uzito, thamani, na kwa bidhaa za biashara nchi ya asili. Hapo ndipo afisa wa forodha anapotazama. NL za namba hazimhusu sana.

Kipeto cha mdogo wangu kilifika siku ya ishirini na saba. Nilikwenda naye posta, kwa sababu alikuwa bado hajaamini. Karani alileta bahasha ya kijivu ya plastiki isiyozidi kiganja. Juu yake lebo ya posta ya Uholanzi, RB mwanzoni na NL mwishoni. Pembeni kibandiko cha CN22, herufi zake zimefifia, lakini kwenye nchi ya asili ilisomeka CN. Tukaifungua palepale kaunta. Vipuri viwili vimefungwa kwa karatasi ya Kichina, na chini yake pakiti ndogo ya sindano za ovaloki. Aliigeuza nyuma akaisoma, akanitazama.

"Kaka, hizi sindano zimeandikwa zimetengenezwa India."